Laptop imetoka kwa fundi, tangu hapo ninachohifadhi kwenye simu hakifiki. Nimechoka!

Mwenye Steshenari

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu: vyeti vya kuzaliwa vya RITA, maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal. Usiku nikiwa nyumbani natafuta kwa simu kurasa zote nitakazohitaji kesho yake, naziweka alamisho kwenye Chrome. Asubuhi nikifungua laptop dukani nazikuta zimeshaingia. Huu mwaka wa pili nafanya hivyo na haijawahi kunisumbua.

Wiki mbili zilizopita laptop ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi. Ikarudi nyepesi, pesa yake nikampa. Tangu siku hiyo, kwenye simu nahifadhi, kwenye laptop hakuna kitu! Jana kaja mama kutoka Pongwe na mwanawe, wanataka kuhakiki cheti kabla ya kuomba mkopo. Ukurasa nimeuhifadhi usiku, na simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Nimekaa nabahatisha anwani, mtoto kashika cheti kwenye bahasha ya plastiki, mama ananitazama tu. Mwisho wakanyanyuka wakaenda duka la pili.

Fundi nimempigia mara tatu, jibu lake ni moja, "akaunti yako sijaigusa." Kwenye simu nimeingia. Kwenye laptop picha yangu ipo pale juu kulia. Bando lipo. Na kinachoniumiza zaidi, Jumatano ilikubali kutwa nzima, Alhamisi asubuhi ikakata tena. Kama imekufa si ife moja kwa moja?

Kipepeo wa Makorora

Pole dada. Toka kwenye akaunti kote kuwili, simu na laptop, ukiulizwa kufuta data kubali, kisha ingia upya. Mimi iliwahi kunikatikia hivyohivyo na nikapona kwa njia hiyo.

Baharia_TA

Tumia WhatsApp ya kwenye kompyuta, unaskani ile picha ya mraba kwa simu, basi.

Mwenye Steshenari

Baharia, sijasema natuma meseji. Nina kurasa zaidi ya mia na paswedi zake, nijitumie moja moja?

Mzee wa Chumbageni

Binti, simu yako usiiguse kwanza. Kipepeo hajakosea kwamba kuingia upya husaidia, ila hapo kwenye kufuta data ndipo watu wanapolia. Ukitoka kwenye akaunti kwenye simu na kukubali kufuta, kilichomo ndani ya simu kinaondoka. Kama kimeshapanda kwenye akaunti kitarudi. Kama hakijapanda, hukioni tena. Wewe bado hujui kipi kimepanda.

Fanya hivi kesho asubuhi, kabla hujafungua tovuti yoyote. Kwenye laptop, pale penye anwani, andika:

```
chrome://sync-internals
```

Utaona maandishi mengi, usiyaogope. Angalia mistari miwili tu, `Transport State` na `Username`. Andika ukurasa huohuo kwenye Chrome ya simu, uone mistari hiyo hiyo. Picha yako kuonekana juu haithibitishi kitu, ile inabaki hata brauza ikiwa imeshapoteza ruhusa ya kuongea na akaunti. Halafu nijibu hili: Jumatano ulifungua barua pepe yako kwenye laptop?

Kijana wa Raskazone

Wazee na mimi nisaidieni humuhumu. PDF ninazopakua kwenye simu hazionekani kwenye laptop, na usawazishaji nimewasha kila kitu.

Mzee wa Chumbageni

Kijana, mafaili unayopakua hayamo kabisa kwenye usawazishaji wa Chrome. Zinakwenda alamisho, historia, paswedi, kurasa zilizo wazi na vitu vya namna hiyo. PDF itume kwa njia nyingine.

Mwenye Steshenari

Mzee shikamoo. Nimefanya. `Username` ni ileile kote kuwili. Simu imeandika Active. Laptop imeandika Paused! Tena hata kwenye ile picha yangu ya duara pembeni pameandikwa Paused kwa herufi ndogo, siku zote hizi nilikuwa sipaoni.

Na ndiyo, Jumatano nilifungua barua pepe yangu kwenye laptop, nilikuwa naprinti risiti. Siku nyingine nasomea kwenye simu. Umejuaje?

Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Umeniambia mwenyewe uliposema ilikubali kutwa na kukata asubuhi. Sasa fungua hapa:

```
chrome://settings/content/siteData
```

Nina hakika utakuta imechaguliwa ile ya `Delete data sites have saved to your device when you close all windows`. Maana yake, kila ukifunga Chrome jioni inafuta kumbukumbu za tovuti, na alama ya kwamba wewe ndiye uliyeingia inakwenda nayo. Asubuhi jina lako lipo lakini brauza haina tena kibali, inasimama. Jumatano ulipoingia kwenye barua pepe kwa akaunti ileile kibali kikarudi. Jioni ukafunga, kikafutwa.

Chagua ile inayoruhusu tovuti kuhifadhi data, kisha bofya picha yako uingie upya.

Mwenye Steshenari

Ndiyo iliyochaguliwa! Kwa hiyo fundi kagusa na kanijibu hajagusa. Wiki mbili!

Mzee wa Chumbageni

Akaunti kweli hakuigusa, amegusa kibali chake bila kujua. Labda aliona ni mashine ya dukani, wateja wanaingia barua pepe zao wanasahau kutoka, akaona bora ifute yenyewe. Kosa lake ni kukaa kimya. Na hatari aliyoiona ni ya kweli, sasa hivi umeirudisha. Mteja akitaka kuingia kwenye akaunti yake usimfungulie kwenye Chrome yako. Bofya picha yako, chagua Guest, akimaliza funga dirisha hilo na vyake vinaondoka, isipokuwa mafaili aliyopakua, hayo uyafute mwenyewe.

Mwenye Steshenari

Nimebadilisha, nimeingia, imeandika Active. Lakini alamisho za wiki mbili bado sizioni pale juu!

Kipepeo wa Makorora

Fungua orodha nzima ya alamisho, tafuta folda ya `Mobile bookmarks`. Za simu zinaingia humo, hazipandi kwenye mstari wa juu mpaka uziburute mwenyewe.

Mwenye Steshenari

Zimo zote, ahsante mdogo wangu. Hata ule wa kuhakiki vyeti upo, wa tatu kutoka juu, na mama wa watu nilishampoteza.

Jana jioni nimefunga laptop, leo asubuhi nimefungua na bado ni Active. Kilichobaki ni paswedi. Kwenye simu, ndani ya mipangilio ya akaunti, nimekuta swichi ya paswedi imezimwa ingawa ya alamisho imewaka. Sikumbuki kuizima na fundi simu hakuishika. Nimeiwasha, nyingi zimekuja, ila ya Ajira Portal haijafika mpaka sasa na kwenye simu inajijaza yenyewe.

Mzee wa Chumbageni

Kwenye simu, ikijijaza, hebu tazama kama ni Chrome inayoijaza au ni programu nyingine ya kutunza paswedi iliyokuja na simu. Simu yako ni aina gani?