Nimemwomba radhi jirani kwa barua, taima ya fundi imenifanya mwongo

Wakuu, nina hasira na nisiposema nitapasuka.

Nakaa mlimani huku Bugando. Anayeijua Mwanza anajua tulivyojenga juu ya mawe: bati la jirani wa chini liko usawa wa baraza yangu. Baada ya kuvunjiwa banda la kuku nilifunga taa ya wati 100 kwenye kona ya nyumba. Ua ukang'aa, nikalala kwa amani. Sikujua mwanga unaishia wapi mpaka mama jirani aliponiita ndani kwake saa 3 usiku. Ukutani chumbani kwake kivuli cha nondo za dirisha kilikuwa kimejichora kama mchana, na pazia ni mbili! Nje, wadudu wa ziwani wamejaa ukutani mpaka rangi haionekani. Na huyu mama anaamka saa 10 alfajiri kuwahi dagaa Mwaloni Kirumba. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Kesho yake nikamwandikia:

"Shikamoo mama. Naomba radhi kwa taa yangu. Niliifunga kwa hofu ya wezi, sikuangalia inamulika wapi. Kuanzia Jumatatu itazimika saa 4 kamili usiku, kila siku, hata nikiwa safarini. Ikipita hapo nipigie saa yoyote. Kama saa 4 bado unaona ni usiku sana, niambie. Ni mimi kijana wako wa juu."

Hayo maneno "kila siku" niliyaandika kwa sababu fundi alinifungia taima ya kuwasha na kuzima taa yenyewe, akaniapia: taima hii ukishaiweka, umeiweka. Jumatatu nilisimama nje, ikazima saa 4 kamili. Nikaacha kuangalia. Ijumaa usiku naingiziwa ujumbe: "Mwanangu, ile barua ulimwandikia nani?" Natoka, taa inawaka. Imezima yenyewe saa 6:40. Nampigia fundi, ananiambia labda nimeichezea. Sijaigusa! Nimemwahidi mtu mzima kwa maandishi, leo napita mlangoni kwake kama mwizi.

Kijana wa Igoma: Pole mkuu. Hapo fundi kachanganya saa. Taima zinasoma saa za kizungu, saa 4 usiku ni 22:00. Yeye kaandika 4:00.

Mwenye uzi: Angeandika hivyo ingezima saa 10 alfajiri. Halafu hii haina kioo cha namba, ni ya kuzungusha, ina vipini pembeni, kila kimoja dakika 15.

Mvuvi Ilemela: Mnataka taa zizimwe usiku, dagaa tutawavua na nini? Sisi tunapumzika mbalamwezi tu.

Mwenye uzi: Kaka, sizungumzii taa za ziwani. Ni ya nyumbani kwangu.

Fundi wa Nyakato: Wiki hiyo umeme ulikatika? Na jioni taa ilichelewa kuwaka?

Mwenye uzi: Ulikatika Jumanne kwa muda wa kama saa moja na nusu, Alhamisi tena kwa muda wa saa moja na dakika 10. Kuwaka, sasa nakumbuka, mke wangu alilalamika Ijumaa kuwa saa 3 ua bado giza. Nilimwambia asubiri.

Fundi wa Nyakato: Jumlisha: saa 2 na dakika 40. Ndiyo tofauti ya saa 4 na saa 6:40. Gurudumu la taima hiyo linazungushwa na umeme huohuo. Umeme ukikatika linasimama, ukirudi linaendelea lilipoishia. Lizungushe kwa kufuata mshale mpaka saa ya sasa, na ufanye hivyo kila umeme ukikatika. Ukichoka, nunua yenye betri ndani. Fundi wako alipaswa kukuambia.

Bibi Pasiansi: Na hiyo taa si aiinamishe tu iangalie chini? Yangu niliinamisha, jirani akanyamaza.

Fundi wa Nyakato: Kwenye tambarare ni sawa, bibi. Lakini mama yuko chini ya mlima, taa ikiangalia chini bado anakiona kioo cha taa. Ihamishie kwenye ukuta wa uzio upande wa mama, imulike kuelekea nyumba yako, mgongo umgeukie yeye. Halafu simama dirishani kwake usiku. Ukiona kioo bado, igeuze tena.

Kijana wa Igoma: Na wezi wakija saa 8?

Mwenye uzi: Hilo hata mimi sina jibu. Nimezungusha gurudumu, jana imezima saa 4. Nimeshuka kwa mama kueleza, kanisikiliza mpaka mwisho, akasema saa 3 ndiyo ingemfaa. Mke wangu hataki kusikia saa 3. Fundi hapokei simu.