Excel imechora siku 7 na siku 56 kwa nafasi moja, sasa watu wanatafuta bomba lililopasuka

Ndimu Chungu (mleta uzi)

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Kazini nasimamia usomaji wa mita ya maji ya jengo. Hatusomi kwa ratiba kamili, tunaandika tarehe ambayo mtu alifika kwenye mita. Hii hapa data:

```
03.01.2024   1200
10.01.2024   1214
17.01.2024   1228
24.01.2024   1242
20.03.2024   1354
27.03.2024   1368
```

Piga hesabu mwenyewe. Kila wiki uniti 14, yaani 2 kwa siku. Kutoka tarehe 24 Januari hadi 20 Machi hakuna aliyesoma, na mwaka 2024 Februari ilikuwa na siku 29, kwa hiyo ni siku 56 na uniti 112. Bado ni 2 kwa siku! Matumizi hayajayumba hata kidogo.

Nikaweka chati ya laini. Kikatoka kitu cha ajabu: laini inapanda polepole, ghafla inasimama kama ukuta, halafu inarudi kupanda polepole. Kikaoni swali la kwanza likawa "bomba lilipasuka lini?" Nikaeleza, lakini nani anasikiliza maelezo wakati picha iko ukutani inasema mengine? Fundi kaitwa, keshaanza kupima viungo.

Excel imezichukua tarehe sita ikazipanga kwa nafasi sawa kama majina ya wanafunzi kwenye rejista. Hakuna onyo wala alama yoyote. Programu ya hesabu inashindwaje kujua kwamba siku 56 ni nyingi kuliko 7?

Kalamu Mbili

Mkuu punguza presha, hiyo ni dakika moja. Bofya kulia kwenye tarehe za chini, chagua `Format Axis`. Sehemu ya `Axis Type` imekaa `Automatically select based on data`. Weka `Date axis`. Umemaliza.

Ndimu Chungu

Nimefanya hivyo kabla ya kuja kulia hapa. Unajua imenipa nini? Mhimili unaanza `1/1/1900`, inafuata `1/2/1900`, `1/3/1900`... Nafasi ni zile zile sawa, ukuta uko pale pale, ila sasa jengo letu lilikuwa linatumia maji mwaka 1900. Asante sana.

Kalamu Mbili

Hahaha. Basi achana na chati ya laini, tumia `XY (Scatter)`. Ile inafuata namba halisi.

Mzee wa Safu

Kalamu, ushauri wako wa kwanza na wa pili yote ni sahihi kwa mtu mwenye tarehe. Huyu ndugu hana tarehe, ana maandishi. Akienda `XY (Scatter)` sasa hivi atapata 1, 2, 3, 4, 5, 6 chini, na ukuta utabaki. Hata seli moja tu ya maandishi kwenye safu ya X inatosha kuifanya Excel iache thamani zote za safu hiyo na kuanza kuhesabu mstari kwa mstari.

Ndimu, hiyo 1900 ndiyo iliyokusema. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na siku namba 1 ni tarehe 1 Januari 1900. Ilipokosa namba kwenye safu yako, ikazipa nukta zako 1, 2, 3, na ulipolazimisha `Date axis` ikazisoma namba hizo kama tarehe. Andika hii pembeni:

```
=ISNUMBER(A2)
```

Nina hakika utapata `FALSE`. Kompyuta yako inategemea tarehe zenye mkwaju, wewe umeingiza zenye nukta. Na angalia: kama hukugusa mpangilio wa seli, maandishi yamelalia kushoto. Tarehe halisi hulalia kulia. Ingiza safu mpya B ili usomaji uhamie C, kisha kwenye B weka hii, ishushe hadi chini:

```
=DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2))
```

Kisha ichore chati upya kwa safu B. Hiyo fomula inafanya kazi kwa sababu kila tarehe yako ina siku mbili, mwezi mbili, mwaka nne. Ukiwa na `3.1.2024` katikati itakuvurugia.

Ndimu Chungu

`FALSE` zote sita. Nimeweka fomula, sasa seli ya kwanza ni 45294 nikiiondolea umbo la tarehe, ile ya tarehe 20 Machi ni 45371. Chati imejichagulia `Date axis` yenyewe. Laini imenyooka kama uzi, na kati ya Januari na Machi kuna uwazi mrefu usio na nukta.

Hasira haijaisha lakini. Kwenye ile chati ya kwanza niliweka na mstari wa mwelekeo, ukaandika y = 36.4x + 1140.3. Watu wakanakili hiyo 36.4 kama matumizi ya siku!

Mzee wa Safu

Hapo x ni namba ya mstari, wala si siku. Ni uniti 36.4 kwa kila safari ya kwenda kwenye mita. Wape hii, itatoa 2:

```
=SLOPE(C2:C7,B2:B7)
```

Wikendi Njema

Mimi sielewi kwa nini mnalalamika. Mimi nina mauzo ya Jumatatu hadi Ijumaa, Excel inaniachia matundu kila Jumamosi na Jumapili, inachefua. Ndimu, weka `Text axis`, matundu yote yanaondoka.

Ndimu Chungu

Ndugu, soma uzi. Mimi ninalitaka hilo tundu. Kuliondoa ndiko kulikomleta fundi.

Mzee wa Safu

Kwa Wikendi ni sawa, akijua kwamba Ijumaa na Jumatatu zitaonekana kama siku zinazofuatana. Kwa mita inayolimbikiza ni uongo mtupu.

Saa Sita

Nami nina swali. Napima joto la friji mara kadhaa kwa siku, kwa saa zisizolingana. Tarehe zangu ni halisi, nimeweka `Date axis`, nukta zote za siku moja zimerundikana kwenye mstari mmoja wa wima.

Mzee wa Safu

Kipimo kidogo kabisa cha `Date axis` ni siku. Saa na dakika haivijui. Kwako hakuna njia, ni `XY (Scatter)` yenye mistari. Karaha yake ni kwamba alama za chini zinahesabiwa kwa siku, hakuna kusema "kila mwezi". Ukiweka 30, alama zitateleza kutoka tarehe mosi. Mimi huweka `Minimum` 45292, ambayo ni 1 Januari 2024, na `Major` 7, nasoma kwa wiki.

Kalamu Mbili

Bado nasema kosa si la Excel. Haiwezi kubahatisha kama 03.01 ni Januari au Machi.

Ndimu Chungu

Sijaiomba ibahatishe. Nilipolazimisha `Date axis` juu ya maandishi ilikuwa na nafasi nzuri ya kukataa. Badala yake ikatunga mwaka 1900 na kuendelea kuchora. Mnaosema si kosa lake, nani kati yenu yuko tayari kuja kumweleza fundi?

Na nyingine: ripoti ya robo mwaka natumia `PivotChart`, huko `XY (Scatter)` inakataa kabisa. Mzee, huwa unafanyaje?

Mzee wa Safu

Nanakili jedwali kama thamani kwenye karatasi nyingine, nachora chati ya kawaida huko. Ni kazi ya mkono kila robo. Mwenye njia bora aiweke.