Mjadala: Alama 50 kuipita 55, na matokeo kufa baada ya miaka 3, haki hii?

Kijana_wa_Fuoni: Jamani mdogo wangu kamaliza injinia India anataka master hukohuko. GATE, ule mtihani wa kuombea master za injinia India, ya 2024 alipata 55 kati ya 100, mwenzake kafanya pepa lilelile 2025 kapata 50, lakini kwenye maombi yule wa 50 ndo kawekwa juu! Halafu eti matokeo yana miaka 3 tu yanakufa. Haki hii?

Darajani_Boy: Hiyo pasentail hiyo. Wanaangalia umewapita watu wangapi, basi. Mwaka mgumu 50 inawapita wengi. Na mwaka ukiisha umati mwengine unaingia ndo mana haidumu.

Mzee_Tunguu: Mambo ya kuwafilisi watoto tu. Kwetu A pointi 5, B 4, C 3, cheti cha fom siksi unakwenda nacho chuo hata umri wa babu. Kwani Bweleo pale, kwenye tawi la chuo cha India IIT Madras, nao wanadai hiyo GATE?

Mpemba_Chennai: Mzee wangu, Bweleo wana mchujo wao na usaili, hapa tunazungumzia master za India kwenyewe. Darajani, ulivosema ndivyo ilivo JEE Main, ya wanaotoka skuli, na kweli ile ni ya mwaka uleule tu. GATE haihesabu watu uliowapita, inapima upo wapi kati ya vigingi viwili. Cha chini ni alama ya kufuzu ya pepa lako, hicho wanakipa 350. Cha juu ni wastani wa waliong'ara, asilimia 0.1 ya juu au watu 10, panapopatikana wengi zaidi, hicho wanakipa 900:

```
350 + 550 x (M - Mq) / (Mt - Mq)
```

M ni alama zako, Mq ya kufuzu, Mt ya vigogo. Namba za pepa la mdogo wako sinazo, kwa hivo hizi nabuni. Tuseme 2024 kufuzu 30 na vigogo 80, yeye na 55 yuko katikati hasa, anapata 625. 2025 pepa likawa gumu, kufuzu ikashuka 25, vigogo 70, yule wa 50 kapanda hatua 25 katika 45, anapata karibu 656. Kampita kihalali. Na aombe kwa skoo hiyo, asishike ile nafasi ya kitaifa, mana kuwa wa 900 mwaka huu na wa 900 mwaka jana si kitu kimoja, umati si ule.

Ummu_Fuoni: Mie yangu yalikuwa IELTS, ya miaka 2, wakala akakaa na karatasi zangu mpaka ikapita halafu ananambia dada fanya tena 😭 pesa nitoe mie! Kiingereza changu kilikimbilia wapi?

Mpemba_Chennai: Pole dada, ila hiyo mbali. IELTS haikupangi na mtu, wanahofia lugha uliyoiacha imeshuka. Ya GATE inahesabiwa kuanzia siku matokeo yalipotangazwa, si siku uliyokaa kwenye mtihani. Ya mdogo wake yalitoka Machi 2024, kwa hivo yanafika Machi 2027. Hapo ndo watu wanapoumia, wanahesabu "2025, 2026, 2027" vidoleni halafu tangazo la chuo linachelewa, na tarehe ya maombi inaangukia nje.

Darajani_Boy: Sawa ila mie sijaridhika. Kama vigingi vinatoka kwa watu walewale waliofanya, si bado unapimwa na umati? Mwaka huohuo wa 2024 vigogo wangefika 90 badala ya 80, mdogo wake na 55 yake ileile angepata 579, si 625. Wengine wote hawajabadilika, wachache juu tu!

Mpemba_Chennai: Hesabu yako sawa. Kwenye pepa la watu laki moja asilimia 0.1 ni watu 100, wastani wao hauyumbi sana. Pepa la watu elfu mbili wanachukuliwa 10, hapo vichwa viwili vitatu wakitokea mwaka mmoja nyote mnashushwa. Mie naona bado afadhali kuliko kulinganisha alama mbichi.

Darajani_Boy: Afadhali siyo haki yakhe. Wanaofanya pepa dogo wapewe kipimo chengine.

Mzee_Tunguu: Kwa hiyo mkishaipima kwa vigingi mkaifanya ilingane mwaka na mwaka, kwa nini ife? Mie ndo nilokusudia kuuliza.

Mpemba_Chennai: Inalingana, haiwi ileile. Silabasi inaguswa, mapepa mapya yanaongezwa, na ukiacha miaka 10 ya watu kwenye foleni moja wa mwaka huu watakuta viti vimeshikwa na skoo za zamani. Lakini mbona 3 na si 5, hiyo ni kanuni tu, fomula haisemi.

Ummu_Fuoni: Basi waseme hivo, siyo kutufanya kana kwamba elimu inachacha. Kijana mwambie mdogo wako aitazame ile tarehe ya Machi, na karatasi asimwachie wakala.