Huyu wa kijani karudisha takataka zote, chati zilizofungwa HAKUNA

Kufuli_Zito (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira za kupasua ukuta. Huyu wa kijani mnamjua, sina haja ya kumtaja. Simu mpya, namba ileile, akaunti ileile ya bakapu. Asilimia zinapanda taratibu kama zinabebwa na konokono, mwisho anatangaza kwa madaha kwamba ujumbe wote umerejeshwa. Wote!

Fungua sasa. Salamu za asubuhi za kila kundi zimerudi. Mtu anayeuza viti tangu enzi za Nuhu karudi na viti vyake. Unavuta orodha chini kutafuta folda ya chati zilizofungwa: HAKUNA. Unavuta tena mpaka kioo kinataka kuchubuka: HAKUNA. Kama bakapu haizibebi si aseme mapema, kuliko kumwambia mtu "wote" halafu anavuta na hakuna?

Mzee_wa_Soga

Kwanza tuambie ni za nani hizo mpaka zikafungwa. Bakapu tutaijadili baadaye 😂

Chaja_Moja

Mkuu, hizo hazimo kwenye bakapu. Chati ukiifunga inabaki kwenye simu uliyoifungia, ndiyo maana ya kufunga. Na ukisahau neno la siri, imekula kwako.

Bi_Seva

Chaja_Moja, hapo mwanzo umepotosha. Bakapu inabeba mazungumzo yote, yaliyofungwa na yale ya archive yakiwemo. Kufunga hakuhamishi ujumbe kwenda ghala jingine, kunaweka mlango tu mbele ya chati.

Mleta uzi, ulikuwa umewasha "Hide locked chats"? Kama ndiyo, folda haitatokea hata ukivuta mpaka kesho. Nenda kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya orodha ya chati, andika neno la siri kama ulivyoliweka, herufi kwa herufi. Likiwa sahihi, folda inajileta yenyewe. Ila kabla ya hapo weka loki kwenye simu mpya yenyewe, iwe PIN au alama ya kidole. Simu isiyo na loki haina cha kufungulia mlango huo.

Kufuli_Zito

Loki ipo. Ninachosema mimi ni kwamba kaandika WOTE, mtu anavuta, hakuna! Nani anaandika "wote" wakati hakuna?

Bi_Seva

Sawa, basi tujue kama chati ipo au haipo. Mwambie mtu wa chati hiyo akutumie neno moja, halafu akuangalizie tiki kwake. Akiona tiki mbili na kwako hakuna chati mpya kwenye orodha ya kawaida, chati imerudi na bado imefungwa, kinachokukwamisha ni neno la siri. Ujumbe ukiingia kwenye orodha ya kawaida, fungua uangalie juu yake. Ukikuta ya zamani yapo, imerudi bila kufuli. Ukikuta patupu, haikuwemo kwenye bakapu uliyorejesha, na mara nyingi sababu ni kwamba bakapu yenyewe ilipigwa kabla mazungumzo hayo hayajaanza. Tarehe yake huonyeshwa kabla hujabonyeza kurejesha, ila wengi wanaipita mbio.

Kufuli_Zito

Tiki mbili. Kwangu kweupe. Kwa hiyo zimo humohumo ndani na ananiangalia tu! Sasa kwenye Privacy, Chat lock, kuna sehemu imeandikwa "Unlock and clear". Nibonyeze nimalizane naye?

Bi_Seva

USIGUSE. Hiyo "clear" ni kufuta kweli, ujumbe, picha na video za chati zote zilizofungwa. Imewekwa kwa aliyesahau neno la siri na yuko tayari kupoteza.

Hatari yenyewe ni bakapu ya usiku. Kule kwenye akaunti inakaa nakala moja, ya mwisho. Ukifuta jioni, usiku simu ikijipigia bakapu, nakala nzima inafunikwa na isiyo na chati hizo. Kwa hiyo kabla hujajaribu chochote, ingia Settings, Chats, Chat backup, uzime bakapu ya kujiendesha.

Chaja_Moja

Hapo sasa tumekubaliana, kwamba ukisahau neno la siri imekula kwako.

Fundi_Kimya

Haijala kama simu ya zamani ipo na ni Android. Usiku saa 8 simu hupiga bakapu nyingine ndani yake yenyewe, na hutunza za siku kadhaa, hadi 7. Zipo kwenye folda la Databases. Linakili folda zima kwenye kompyuta kwanza, maana ukiondoa app linaweza kuondoka nayo.

Tuseme unataka ya tarehe 4 Machi. Faili lile linabadilishwa jina hivi:

```
msgstore-2025-03-04.1.db.crypt14
msgstore.db.crypt14
```

La juu ndilo lilivyo, la chini ndilo linavyotakiwa kuwa. Lililokuwa na jina la chini lipe jina jingine, usilifute. Namba ya mwisho usiiguse: ikiwa 14 ibaki 14, ikiwa 15 ibaki 15. Wengi wanaibadilisha wakidhani ndiyo toleo jipya, halafu faili halisomeki. Ondoa app, isakinishe upya, rudisha folda mahali pake, thibitisha namba ileile ya simu, kisha kubali kurejesha inapokuuliza. Ukiruka hatua hiyo, unaanza upya tangu kuondoa app.

Mama_Tiki

Swali kwa wataalamu: neno la siri lenyewe linarudi na bakapu? Kwangu baada ya kurejesha ilitaka kidole tu.

Fundi_Kimya

Kwangu neno la zamani liliitikia.

Bi_Seva

Kwa sababu hiyo mimi husema toa ile "Hide locked chats" kwenye simu ya zamani, piga bakapu kwa mkono, ndipo uhame. Kufuli linabaki, ila folda inaonekana na hutegemei neno la siri lirudi au lisirudi.

Buluu_Damu

Nyie mna afadhali. Ile ya buluu, Secret Chat ikikaa kwenye simu moja imekaa hapo. Haina bakapu, ukitoka kwenye akaunti imekwenda. Hakuna cha kuvuta wala cha kuandika.

Mzee_wa_Soga

Si imeandikwa Secret? Ulitaka ipigiwe tarumbeta?

Mama_Tiki

Mimi wangu ni ufunguo wa tarakimu 64 wa bakapu iliyofungwa. 64! Nani anakariri treni hiyo?

Bi_Seva

Dada, simu ya zamani bado iko kwenye akaunti? Ingia Chat backup, End-to-end encrypted backup, uizime. Itakubali hata kwa kidole au PIN ya simu. Kisha piga bakapu mpya papo hapo. Kama umeshatoka kwenye simu hiyo na ufunguo huna, bakapu hiyo haifunguki, hata wenyewe hawana funguo.

Kufuli_Zito

Jamani uzi ni wa chati zilizofungwa! Kaandika WOTE!

Mama_Tiki

Simu ipo, naizima sasa hivi. Na mbona kwenye ile nyingine video hazikurudi hata moja?

Fundi_Kimya

"Include videos" ilikuwa imezimwa. Iwashe kabla hujapiga hiyo mpya, na uangalie nafasi kwenye akaunti, video zinakula.

Buluu_Damu

Na stika je?