Mrejesho: alama za UAMUZI na TAARIFA kwenye barua pepe

Niliuliza: "Timu yetu inaweka alama kwenye vichwa vya barua pepe, ila kila mtu anaandika UAMUZI na hakuna anayejibu. Tufanyeje?"

Wakuu, nimerudi. Tumebakiza tatu tu: TAARIFA, KAZI na UAMUZI. HARAKA tumeifuta, maana kila mtu ana haraka. Kilichosaidia zaidi ni kulazimisha UAMUZI ibebe mwamuzi mmoja na siku ya mwisho:

`[UAMUZI: Mhasibu, Alhamisi] Kuongeza mkataba wa seva`

Zamani barua hiyo ilikwenda kwa watu sita, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Sasa wengine watano wako kwenye nakala, na wanajua hawadaiwi jibu.

Palipotukwamisha ni majibu. Barua ilianza kama TAARIFA, jibu la nne likaomba idhini, kichwa kikabaki kilekile. Mhasibu huchuja TAARIFA ziende kwenye folda ya kusoma baadaye, kwa hiyo ombi likalala humo siku tatu. Siku hizi ombi likizuka katikati, mwombaji anafungua barua mpya yenye alama mpya. Kubadili kichwa ndani ya jibu tulijaribu. Gmail hutenga mazungumzo, watu wakapotezana.

Bosi bado anasahau alama. Tunamrudishia swali: "Hii ni UAMUZI au TAARIFA?"