Duka la Arusha limeniuzia betri feki, sasa wanadai imevimba kwa sababu ya umeme wa kwangu

MamaSteshenari
Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nipunguze. Nimenunua betri ya laptopu kwenye duka moja hapa mjini Arusha, si mbali na Soko Kuu. Shilingi 85,000. Nikaapiwa kabisa: "Dada, hii ni orijino, mzigo wa kiwandani." Masika hayajaisha, pedi ya kipanya ikaanza kuinuka, upande mmoja haibonyezeki. Kufungua kava la chini, betri imetuna kama andazi.

Nimeirudisha. Yule kijana hata hakuigusa. "Umeme wa kwako unapanda na kushuka, halafu unaiacha kwenye chaji usiku kucha. Kuvimba hakumo kwenye garantii." Bosi wake yuko ndani anaongea na simu, hata shingo hakugeuza.

Haya, tuache uvimbe. Nimeweka picha ya lebo ya betri ya zamani iliyokuja na mashine na ya hii mpya, zimelala pamoja. Ya zamani: 11.4 V, 4210 mAh, 48 Wh. Mpya: 11.4 V, 5200 mAh, 48 Wh. Maandishi ya mpya yamekolea sana, kile kipipa cha taka kilichopigwa mkasi hakina hata magurudumu. Hiyo ni orijino ya wapi?

Chalii_wa_Kaloleni
Pole maza. Hapo hakuna cha kujadili, betri ikivimba ni feki. Orijino haivimbi hata uikaange. Halafu angalia ile stika ya kung'aa, ikiwepo ni orijino.

FundiSakina
Chalii, yote mawili hapana. Betri orijino zinavimba, ninazitoa kwenye mashine za watu kila mara, nyingine za bei mbaya. Hizi bapa zina seli za mfuko laini. Dawa iliyomo ikiharibika kwa joto, kwa uzee au kwa kuchajiwa kupita kiasi, inatoa gesi na mfuko unajaa. Kwa hiyo uvimbe unakwambia betri ni ya hatari, haukwambii nani kaitengeneza. Na stika ya kung'aa inachapwa popote siku hizi.

Dada, ushahidi wako uko kwenye lebo na umeshaupiga picha. Zidisha volti kwa uwezo, yaani mAh ukiigawa kwa 1000. Ya zamani ni 11.4 mara 4.21, unapata 47.99, ndiyo hiyo 48. Mpya ni 11.4 mara 5.2, unapata 59.28. Sasa mbona wameandika 48? Aliyechapa alinakili Wh kutoka lebo halali, kisha akapandisha mAh ili mteja aone amepata betri kubwa. Akasahau kwamba namba hizo ni ndugu, huwezi kugusa moja ukaiacha nyingine.

Mkulima_Usa
Mkuu, hesabu hiyo usiiamini sana. Mimi laptopu nimenunua mpya na betri yake imeandikwa 4100 mAh na 48 Wh. Nikizidisha na 11.4 napata 46.74. Ina maana na yangu ni feki?

FundiSakina
Yako iko sawa mkuu. Lebo nyingine zina uwezo wa aina mbili, wa chini kabisa na wa kawaida, na Wh inahesabiwa kwa ule wa kawaida. Soma tena, huenda kuna namba ya pili kwa maandishi madogo. Tofauti ya moja kama hiyo inavumilika. Ya dada imepishana kwa zaidi ya 11, hapo hakuna maelezo.

Chalii_wa_Kaloleni
Basi arudishe kwenye mashine aandike `powercfg /batteryreport`. Pale kwenye DESIGN CAPACITY ikija 48,000 mWh ujue ni yenyewe.

FundiSakina
ASIIRUDISHE KWENYE MASHINE. Imevimba hiyo! Halafu ile namba inasomwa kwenye chipu ya betri, na chipu inaandikwa chochote. Ripoti ikionyesha kitu tofauti na lebo, umemkamata. Ikilingana na lebo, bado hujajua kitu.

MamaSteshenari
Nimerudi dukani bila betri, na simu mkononi. Nikajifanya mteja, kijana mwingine akanitolea mbili za aina ileile. Nimezipiga picha. Zote tatu zina namba moja! Hata tarakimu haijabadilika.

Neema_M
Dada naomba tusije tukamsingizia mtu. Namba ya toleo lazima ifanane, ndiyo inayoonyesha betri inaingia mashine ipi. Umepiga ipi?

FundiSakina
Swali zuri. Namba ya toleo inafanana, namba ya mfululizo haifanani kamwe, kila betri na yake. Kwenye picha yako ya pili kimulimuli kimeimeza nusu ya lebo, sioni. Zima kimulimuli, simama karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, simu iwe juu ya lebo moja kwa moja. Kisha skani misitari ya msimbo uone kama inasoma namba iliyochapwa chini yake.

Kibo_Majengo
Mimi niko Moshi. Simu yangu kioo kimeachia pembeni, nikiiweka mezani inazunguka kama pia. Fundi wa huku anasema nitoboe na sindano gesi itoke, halafu gundi. Betri nzuri ya simu hiyo ni bei gani?

FundiSakina
Usitoboe! Inaweza kuwaka papo hapo mkononi. Usiibonyeze, usiichaji tena, na huyo fundi mkimbie. Bei ulizia baadaye.

MamaSteshenari
Nimepiga upya. Ni ya mfululizo, na msimbo unasoma namba nyingine kabisa. Na hoja yao ya umeme?

FundiSakina
Wana robo ya ukweli. Betri kukaa imejaa usiku kucha kwenye joto inazeeka haraka. Lakini umeme ukiyumba, kinachopata shida kwanza ni adapta, siyo betri. Ninachoshuku, na siapi bila kuifungua: mashine yako inataka seli za kuchajiwa hadi 4.35 V kila moja, ndiyo maana lebo halali inaandika kikomo cha 13.05 V kwa seli tatu. Wakiweka seli za bei rahisi zenye kikomo cha 4.2 V na chipu ikaendelea kuomba 13.05, zinachajiwa kupita kiasi kila siku. Lazima zivimbe.

Uvimbe nao upige picha inayoonekana. Betri mezani, rula ya chuma ilale juu yake bila kukandamiza, simu usawa wa meza, dirisha kwa nyuma. Mwanga utapita chini ya ncha za rula. Picha ya kutoka juu haionyeshi kitu, ndiyo maana wanakucheka.

Neema_M
Niliwahi kuwa muuzaji kwenye duka kama hilo. Mzigo unakuja umefungwa kwenye boksi, muuzaji mwenyewe hajui.

MamaSteshenari
Hajui lakini anaapa? Risiti ya EFD ninayo. Kesho nawawekea picha mezani. Wakikataa, zinaenda Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Betri iko nje kwenye karai la mchanga, mbali na karatasi zangu.

Kibo_Majengo
Dada, hilo duka lina tawi Moshi? Maana na mimi kuna mahali nilinunua…