Paa la pande nne na la pande mbili, lipi linakula bati?

Neema, Njiro: Ramani yangu ukingoni mwa paa ni mita 12 kwa 8, mteremko nyuzi 30. Fundi anasema la pande nne linakula bati nyingi kuliko la pande mbili. Ni kweli?

Mangi wa Majengo: Kweli kabisa. Pande zimeongezeka, bati lazima ziongezeke.

Fundi Kijenge: Hapana, Mangi. Mteremko ukiwa mmoja pande zote, eneo halibadiliki. Chukua 12 mara 8, upate 96, gawa kwa 0.866, kosaini ya nyuzi 30. Ni kama mita za mraba 111, paa lolote kati ya hayo mawili. Kinachobadilika ni mbao na mabaki. Nusu ya upana ni mita 4, kwa hiyo boriti ya kawaida ni mita 4.62 na kimo mita 2.31. Boriti ya kona inakwenda mshazari: kwenye ramani mita 5.66, juu ya mteremko 6.11. Ziko nne, jumla mita 24 na ushee. Mbao za dukani ni futi 12, kwa hiyo kila kona ina kiungo, na kiungo kibovu hubonyea, utakiona kwenye mstari wa kofia. Mgongo wa juu unabaki mita 4 tu badala ya 12. Kofia zinafika mita 28 hivi.

Mangi wa Majengo: Sawa, lakini bati za kona zinakatwa mshazari, nusu inatupwa.

Fundi Kijenge: Hapo una hoja. Ila bati ya migongo ukiikata, kipande kilichobaki kigeuze kichwa chini, rangi ikiwa juu bado. Kinakaa kwenye kona nyingine ya mkono uleule, ya kushoto kwa kushoto. Bati ya vigae haigeuziki, ngazi zake zitaangalia juu. Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa.

Baba Eli, Moshi: Mimi langu la pande nne linavuja tangu masika. Sishauri mtu.

Fundi Kijenge: Mzee wangu, nyumba yako ina umbo la L?

Baba Eli, Moshi: Ndiyo, na panapovuja ni pale mbawa zinapokutana.

Fundi Kijenge: Hilo ni bonde. Maji yanakusanyika pale. La pande mbili kwenye L lingekuwa nalo pia.

Neema, Njiro: Basi nichague pande mbili, kona ziishe?

Fundi Kijenge: Dada, ukuta wako ukirudi ndani sentimita 60 kutoka ukingo wa paa, zile pembetatu mbili za la pande mbili, moja kila mwisho wa nyumba, ni mita za mraba 13 za ukuta, tofali zisizopungua 110, zipigwe na lipu. Na kingo za pembeni zinahitaji mita 18.5 za bati ya kufunika. Weka hizo upande mmoja, mbao za kona upande wa pili, kwa bei za leo dukani kwako.

Mangi wa Majengo: Na fundi wa kona anadai zaidi, hilo hujaliweka.

Fundi Kijenge: Anadai. Mimi pia nadai.